Chupa ya Zamani au Chupa Mpya? Kwa Nini Pafyumu Uliyoipenda Imebadilika, na Ununue Ipi

Pafyumu uliyoizoea mwaka 2015, ukiinunua leo na ikaja na harufu nyingine, neno la kwanza kukutoka mdomoni litakuwa "feki". Kwa Kampala neno hilo lina haki yake, maana pafyumu za kughushi zimejaa kuanzia vibanda vya kando ya barabara hadi maduka yenye vioo na taa. Lakini zipo chupa nyingi halali kabisa, zilizotoka kiwandani Ufaransa au Uhispania, ambazo hazifanani na zile za miaka ya nyuma. Na mara nyingine chupa mpya haina kosa lolote. Iliyobadilika ni ile ya zamani, iliyokaa kwako miaka minane na kugeuka kidogo kidogo huku pua yako ikiizoea.

Sababu ni tatu: kampuni kubadilisha fomula, bechi moja, yaani mkupuo mmoja wa kutengeneza, kutofautiana na nyingine, na pafyumu kuzeeka ndani ya chupa. Watu huzichanganya kama kitu kimoja, na hapo ndipo pesa zinapopotea. Mtu ambaye pafyumu yake imezeeka tu anaweza kuhangaika kutafuta chupa ya zamani zaidi kutoka Dubai, kumbe angenunua mpya dukani angepata harufu ileile. Naye ambaye fomula imebadilishwa atanunua mpya, airudishe, anunue nyingine duka la pili, na zote zitakuwa vilevile.

Kwanza hakikisha unalinganisha kitu kimoja. Soma boksi. Kama la zamani limeandikwa "Eau de Toilette" na jipya "Eau de Parfum", usishangae: chini ya jina moja, hizo mara nyingi ni michanganyiko miwili tofauti, wala si ileile iliyokolezwa. Majina nayo huhama. Miss Dior ya asili ilitoka mwaka 1947. Mwaka 2005 kampuni ikatoa nyingine tamu zaidi, Miss Dior Chérie, na miaka michache baadaye ikaondoa hilo neno la mwisho, hivyo mpya ikabaki inaitwa Miss Dior, na ile kongwe ikaongezewa neno Originale. Anayekwenda dukani leo kuomba "Miss Dior" aliyokuwa akijipaka mama yake hataipata kwa jina hilo, na hapo muuzaji hajamdanganya.

Fomula ikibadilishwa

Kampuni hazitangazi. Chupa inabaki ileile, au inabadilishwa kifuniko kidogo, na yaliyomo yanakuwa mengine. Katika miaka ishirini hivi iliyopita, sababu kubwa imekuwa kanuni za mzio wa ngozi. Kuna shirika la watengenezaji wenyewe, IFRA, lililoundwa mwaka 1973, ambalo huweka viwango vya juu vya kila kiambato chenye mashaka. Juu yake kuna sheria ya Umoja wa Ulaya, na hiyo ndiyo yenye meno.

Viambato vitatu vinatosha kueleza sehemu kubwa ya malalamiko ninayoyasikia. Cha kwanza ni kuvu ya mwaloni, kile kimmea cha kijivu kinachoota kwenye magome ya mialoni Ulaya. Ndiyo iliyokuwa ikizipa pafyumu nyingi za kiume za zamani, na za kike za aina ya Mitsouko ya mwaka 1919, ile harufu ya msitu uliolowa, chungu kidogo, yenye kukaa nguoni hadi kesho yake. Ndani yake kuna atranoli na kloroatranoli, kemikali mbili zinazowasha ngozi za watu wengi. Siku hizi kuvu hiyo huchujwa kuondoa hizo mbili, na hutumika kidogo sana. Iliyochujwa haina kina kile.

Cha pili na cha tatu ni kemikali za maabara zinazojulikana kibiashara kama Lyral na Lilial. Zote mbili hutoa harufu ya ua jeupe lenye usafi wa sabuni, na zilitiwa kwenye pafyumu nyingi mno za miaka ya 1990 na 2000. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku Lyral pamoja na zile mbili za kwenye kuvu: bidhaa mpya hazikuruhusiwa kuingizwa sokoni kuanzia Agosti 2019, na zilizobaki madukani zilikoma kuuzwa Agosti 2021. Lilial ikafuata tarehe 1 Machi 2022, kwa sababu iliwekwa kwenye kundi la kemikali zinazodhaniwa kudhuru uzazi.

Faida ya tarehe hizi ni kwamba zinasomeka kwenye boksi. Huhitaji kujua kemia. Chini au nyuma ya boksi, baada ya maneno `Alcohol`, `Parfum` na `Aqua`, kuna orodha ya viambato vya mzio. Tafuta haya:

`Butylphenyl Methylpropional` (hiyo ndiyo Lilial)
`Hydroxyisohexyl 3-Cyclohexene Carboxaldehyde` (hiyo ndiyo Lyral)
`Evernia Prunastri Extract` (kuvu ya mwaloni, mara nyingine huandikwa `Evernia Prunastri (Oakmoss) Extract`)

Boksi la zamani likiwa na mojawapo ya yale mawili ya kwanza, na jipya halina, basi fomula imebadilika. Hapo hakuna ubishi, kwa sababu kampuni ililazimika. Kuvu ya mwaloni haina uhakika huo, kwani iliyochujwa bado inaruhusiwa na inaweza kuandikwa hata kwenye boksi lililotoka kiwandani jana.

Lakini usiigeuze kanuni hii kichwa chini. Orodha mbili zikifanana haimaanishi fomula ni moja. Kwenye boksi huandikwa tu vile viambato vya mzio vilivyozidi asilimia 0.001. Vingine vyote vimefichwa ndani ya neno moja, `Parfum`, na humo kampuni inaweza kubadilisha itakavyo bila herufi hata moja kuongezeka nje. Sandali ya Mysore ilipoadimika na bei yake kupaa, ilipunguzwa au kuondolewa kwenye pafyumu nyingi na kuwekwa ya maabara, na boksi halikusema kitu. Vivyo hivyo leseni inapohama. Mwaka 2016 pafyumu za Gucci na Hugo Boss zilitoka mikononi mwa Procter & Gamble zikaingia kwa Coty. Jina la mtengenezaji lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya boksi likibadilika, ni dalili ya kukufanya unuse kwa makini zaidi, ingawa peke yake haithibitishi kitu.

Bechi: ipo, lakini inasingiziwa

Namba ya bechi ni zile herufi na tarakimu chache zilizogongwa au kuchapwa chini ya chupa, na tena chini ya boksi. Zinapaswa kufanana. Zisipofanana, usinunue, hata muuzaji aape kwa jina gani. Zikifanana pia si hakikisho, maana mghushi naye anajua kunakili.

Tofauti za bechi zinatoka shambani zaidi kuliko kiwandani, na Uganda tuna mfano wake mlangoni. Vanila ya Mukono na Bundibugyo huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na ganda linahitaji takriban miezi tisa mtini tangu ua lichavushwe kwa mkono. Wezi wa vanila wakianza kuzunguka mashamba usiku, mkulima anavuna mapema kabla hajaibiwa. Ganda changa lina vanilini kidogo, na likikaushwa linatoa harufu nyepesi ya nyasi. Ndiyo maana serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna. Sasa chukua hali hiyo uipeleke kwenye waridi, yasmini, pachuli na vetiva duniani kote: mvua ya mwaka huu si ya mwaka jana, na mafuta hayawezi kuwa yaleyale.

Ila kampuni kubwa hazikubali hali hiyo ifike puani mwako. Mafuta ya mavuno mbalimbali huchanganywa pamoja ili yakaribiane na kiwango, kisha kila bechi hupimwa kwa mashine na kunuswa na mtaalamu kando ya sampuli ya kiwango. Ikipita kiasi, inarekebishwa. Kinachobaki ni tofauti ndogo, ambayo watu wengi hawataikamata mpaka wapewe karatasi mbili wakati mmoja. Kampuni ndogo, au zile zinazotumia mafuta mengi ya asili, ndizo zinazoyumba zaidi. Creed Aventus ya mwaka 2010 imekuwa na mashabiki wanaobishana bechi kwa bechi, huyu akidai yake ina moshi zaidi, yule nanasi zaidi. Sikatai kwamba tofauti zipo. Nasema tu kwamba chupa mbili zinazobishaniwa namna hiyo mara nyingi zimekaa mahali tofauti, kwa muda tofauti, kabla ya kufika puani.

Kuna tovuti zinazokusomea namba ya bechi na kukupa tarehe ya kutengenezwa. Zitumie, lakini kumbuka kwamba baadhi ya kampuni hutumia tarakimu moja tu kwa mwaka, hivyo namba ya 2013 inaweza kusomeka kama ya 2023. Orodha ya viambato ndiyo itakayokutoa kwenye utata huo.

Kuzeeka: hewa, mwanga na joto

Pafyumu haiozi kama maziwa. Pombe iliyomo hairuhusu. Kinachotokea ni kwamba oksijeni inashambulia viambato vyepesi, na mwanga na joto vinaharakisha. Wa kwanza kuanguka ni limonini, kemikali inayofanya limau linukie limau. Ikiungana na oksijeni hupoteza ule ubichi na kutoa harufu kama ya tapentaini au vanishi. Linaluli ya kwenye lavenda nayo hugeuka. Pachuli, sandali, vetiva, miski za maabara na kaharabu hazishtuki haraka, zinaweza kukaa miaka mingi sana. Ndiyo sababu mafuta ya udi waliyoyatunza wazee yanaweza kuwa mazuri zaidi kuliko siku yalipouzwa, wakati kolonya ya limau ya umri huohuo imebaki na harufu ya duka la rangi.

Usihukumu kwa rangi. Pafyumu yenye vanilini hugeuka kahawia hata ikiwa nzima, kwa sababu vanilini yenyewe huwa hivyo. Nyingine huingia rangi ya chungwa pale aldehaidi zinapoungana na kemikali za maua kama ya mchungwa. Pua ndiyo hakimu. Kitu kimoja cha kuangalia zaidi ya harufu ni ngozi: limonini na linaluli zilizokwishaungana na oksijeni huwasha zaidi kuliko zikiwa mpya, kwa hiyo chupa kongwe ikianza kukutoa vipele, itumie kwenye nguo au uiache.

Hali ya hewa ya Kampala si mbaya kwa pafyumu. Mchana joto linacheza kwenye nyuzi 27 au 28, usiku linashuka. Kinachoua ni mahali tunapoziweka. Chumba chenye bati bila dari kinawaka saa saba mchana. Gari lililoegeshwa juani linapita nyuzi 50 ndani, na chupa kwenye dashibodi inapigwa na joto na mwanga pamoja. Gulu, Arua na Moroto kwenye Januari na Februari ni habari nyingine kabisa. Na kuna hili ambalo wengi hawalifikirii: chupa iliyobaki robo ina hewa robo tatu. Inazeeka haraka kuliko iliyojaa, hata zikiwa rafu moja.

Namna ya kuzipima

Sababu hizi tatu hazionekani wakati mmoja. Viambato vyepesi hunukia dakika za kwanza, maua na viungo hufuata, mbao na miski hubaki mwisho. Kwa hiyo ukijua tofauti inatokea saa ngapi, umekaribia kuijua sababu.

Chukua karatasi nyeupe isiyo na harufu, nene kidogo, ukate vipande vyembamba. Pampu ya chupa ya zamani ipulizie hewani mara mbili au tatu kwanza, kwa sababu kilichokaa ndani ya mrija kimezeeka kuliko kilichomo kwenye chupa, na mpulizo wa kwanza utakudanganya. Kisha pulizia kila karatasi mara moja, kwa umbali ule ule, andika alama kwa penseli nyuma, uziweke mbalimbali. Nusa mara tu pombe ikiruka, tena baada ya dakika kama kumi na tano, baada ya saa moja, na kesho yake asubuhi. Usifanye jikoni wala karibu na ubani.

| Unaponusa | Imezeeka | Fomula imebadilishwa | Tofauti ya bechi |
|---|---|---|---|
| Dakika za kwanza | ya zamani ina vanishi, au haina limau kabisa | huenda zikafanana | karibu sawa |
| Saa moja | zimeanza kukutana | zinaachana wazi | moja kali kidogo kuliko nyingine |
| Kesho yake | sawa au karibu sawa | kila moja ina harufu yake | sawa |

Kama unaona tofauti ndogo na huna hakika, ongeza jaribio la karatasi tatu. Mtu mwingine apulizie karatasi mbili kutoka chupa moja na ya tatu kutoka chupa nyingine, akupe ukiwa huoni alama, nawe utaje iliyo peke yake. Kwa kubahatisha tu utapatia mara moja kati ya tatu. Ukipatia raundi tatu mfululizo, bahati ingekupa hilo mara moja tu kati ya 27, kwa hiyo tofauti ni ya kweli. Ukishindwa, tofauti uliyoiona ilikuwa kichwani, na hakuna aibu: pua huchoka na harufu inayovaliwa kila siku, mafua na Uviko huiacha imebadilika, na mimba pia.

Chupa mbili za mjomba

Mjomba wangu aliendesha malori ya Mombasa hadi Kampala kwa miaka mingi, sasa amestaafu, anakaa Bombo. Pafyumu yake ni moja tu, ya kiume, ya Kifaransa, ya lavenda na kuvu ya mwaloni. Chupa yake ya mililita 100 ilikuwa imebaki kama theluthi, inakaa juu ya kabati la televisheni mkabala na dirisha. Binti yake akamnunulia mpya kwa Idi. Mjomba akapuliza mara moja akairudisha kwenye boksi. "Mwanangu, hii si yangu. Hii ni ya watoto wa chuo." Binti akataka kurudi dukani kugombana.

Tukaweka karatasi mezani barazani. Mara ya kwanza mpya ndiyo iliyoshinda bila taabu: limau safi, lavenda iliyo hai. Ya mjomba ilikuwa kali, vanishi tupu, na yeye mwenyewe akakunja uso. Alikuwa ameizoea kiasi kwamba alidhani pafyumu hiyo huanza hivyo. Dakika kumi na tano baadaye vanishi ilikuwa imeondoka. Kufikia saa moja mambo yaligeuka. Karatasi ya zamani ilikuwa na ua la sabuni na chini yake udongo uliolowa. Mpya ilikuwa na mbao kavu na utamu mdogo, nzuri, ila nyembamba. Asubuhi ya pili ile ya zamani bado ilikuwa na uchungu wa msituni, na mpya imebaki miski ya nguo zilizofuliwa.

Boksi lake la zamani alikuwa analo, anawekea risiti ndani. Lilikuwa na `Butylphenyl Methylpropional` na `Evernia Prunastri Extract`. Jipya halina hata moja. Namba za bechi kwenye chupa mpya na boksi lake zilifanana, uchapaji ulikuwa safi, na kemikali iliyokosekana ni ileile iliyopigwa marufuku. Duka halikuwa na kosa. Mzee naye hakuwa anaota.

Hilo ndilo la kushika: sababu mbili zilikuwa kazini pamoja. Chupa yake ilikuwa imezeeka juu, na mpya ilikuwa imebadilishwa katikati na chini. Angelinganisha kwa mpulizo wa kwanza peke yake, angesema mpya ni bora. Angelinganisha kwa shati la jana peke yake, angesema ni feki. Nadhani kesi nyingi za chupa zilizopita miaka minane au kumi ziko hivi, na ndiyo maana mabishano juu yake hayaishi: kila mmoja amenusa saa yake.

Basi ununue ipi?

Kama tatizo ni uzee, nunua mpya, na nunua ndogo. Ya mililita 30 au 50 kwa mtu asiyepuliza kila siku ni bora kuliko ya 100, hata kama kwa hesabu ya mililita inatoka ghali, kwa kuwa ile theluthi ya mwisho ya chupa kubwa ndiyo utakayoivaa ikiwa imeharibika. Iweke ndani ya boksi lake, kabatini, sehemu ya chini ambako bati haifiki.

Kama ni bechi, usifanye lolote. Nunua iliyopo. Kutafuta namba fulani ya bechi Kampala nzima kwa sababu ya maneno ya watu mtandaoni ni kujitafutia hasara, na muuzaji mjanja akigundua unaitaka namba hiyo, ataongeza bei papo hapo.

Kama ni fomula, hapo ndipo uamuzi unakuwa mgumu, kwa sababu jibu linategemea aina ya pafyumu. Hisa za zamani bado zinazunguka, nyingi zikipitia Dubai, ambako sheria ya Ulaya haifiki. Kwa pafyumu nzito ya kuvu, pachuli, sandali, kaharabu au viungo, ningethubutu kununua chupa ya zamani iliyofungwa, kwa kuwa sehemu unayoitafuta ndiyo isiyozeeka haraka. Utavumilia dakika kumi za vanishi. Kwa kolonya ya limau, pafyumu za maji na matunda mabichi, au zile za maua mepesi, singetoa hata shilingi kwa ya zamani. Unachokitafuta humo kimeshakufa ndani ya chupa, imefungwa au haijafungwa. Chukua mpya, au hamia pafyumu nyingine.

Ukiamua kununua ya zamani, muulize muuzaji imekaa wapi, wala usiishie kuuliza ni ya mwaka gani. Chupa ya 2014 iliyokaa stoo gizani inaweza kuishinda ya 2019 iliyopambwa dirishani pa duka. Omba picha ya chini ya chupa na chini ya boksi pamoja, na picha ya kioo dhidi ya mwanga uone kimiminika kimefika wapi. Chupa "mpya" ambayo kimiminika kimeshuka chini ya shingo imekuwa ikivuja pombe, na hewa imeingia mahali pake. Ukiweza kunusa kabla ya kulipa, usiipe hukumu kabla ya robo saa.

Mjomba hakununua ya zamani nyingine. Theluthi iliyobaki tuliimimina kwenye chupa ndogo ya kioo cha kahawia, tukaijaza hadi shingoni ili hewa isibaki, na anaivaa Ijumaa tu. Ile mpya binti yake aliichukua mwenyewe.

Jambo moja zaidi kwa wanaosoma maboksi. Umoja wa Ulaya umepanua orodha ya viambato vya mzio vinavyopaswa kutajwa, kutoka 26 hadi zaidi ya 80. Bidhaa mpya zinatakiwa kufuata kuanzia tarehe 31 Julai 2026, na zilizokuwa sokoni tayari zina hadi 31 Julai 2028. Kwa hiyo utaanza kuona maboksi yenye orodha ndefu mara mbili kwenye pafyumu ambayo ndani yake hakijaguswa kitu. Majina yaliyoongezeka yasikushtue. Angalia yaliyotoweka.